"Ingizo batili" inafukuza wateja kwenye fomu

Swali: Mtaalam habari, nina saiti ya kukata tiketi za basi hapa Tanzania, watu wanafika kwenye fomu ya kujisajili wanaishia hapohapo. Wakijaza namba ya simu inatokea "Ingizo batili", wengine wanapiga kuuliza. Jamaa mmoja kaniambia nibadili kitufe cha "Wasilisha" niweke "Jiunge Sasa Bure!" chekundu. Itasaidia?

Jibu: Haitasaidia, na huyo jamaa kama anakuchaji mwambie asubiri kwanza. Mtu aliyekwama kwenye namba ya simu hata kitufe hakioni, kaona "Ingizo batili" akajiuliza nimekosea nini, maana namba yake anaijua tangu zamani!

Waulize hao wanaopiga walichapa nini hasa. Nina hakika wengi watakwambia 0712 345 678 na nafasi katikati, au wameanza na +255, na zote ni namba sahihi, mashine yako ndo haizielewi. Hapo usihangaike na maneno, mashine isafishe yenyewe:

```js
let n = namba.replace(/\D/g, "");
if (n.startsWith("0")) n = "255" + n.slice(1);
```

Ujumbe wa kosa ubaki kwa namba iliyokosewa kweli, na useme kilichopungua: "Namba hii ina tarakimu 9, inatakiwa 10, mfano 0712 345 678." Alichochapa usikifute, aongeze tu moja aendelee. Na huo mfano uuweke chini ya jina la kisanduku tangu mwanzo, usiufiche ndani kama `placeholder`, maana akichapa herufi ya kwanza unapotea, afu ndo anauhitaji.

Kitufe kiseme kinachofuata. Kama kinachofuata ni meseji, andika "Nitumie namba ya kuthibitisha". Usiandike "kodi" mtu akadhani anadaiwa.

Sasa hapa ndo naposhikwa na hasira. Kuna watu wanauza maneno ya fomu yaliyotafsiriwa tayari, unabandika tu, na kisanduku cha zile tarakimu za kwenye meseji wanakiita "Ingiza namba ya siri". Jamani! Namba ya siri kwa Mtanzania ni ile ya pesa za kwenye simu, ambayo kila siku anaambiwa asimpe mtu. Mwenye akili timamu anafunga ukurasa, asiyestuka anakuchapia namba yake ya kutolea hela, yani saiti yako inakusanya siri za watu bila hata kukusudia. Nimeikuta kwa mteja mmoja, wao walikuwa wanalalamika tu kwamba "tarakimu hazifanani", kumbe meseji ina tarakimu 6 na watu wanaingiza 4. Angalia kwako pia, na kama zipo zilizohifadhiwa zifute leo, kisha andika: "Weka tarakimu 6 tulizokutumia kwa meseji. Usiweke namba yako ya siri ya pesa."