Kutangaza tawi jipya bila kuwatia wasiwasi wateja wa zamani

Tulipoamua kufungua tawi la ushonaji Uyole, ambako abiria wa Tukuyu na Kyela hupita wakielekea Mbeya mjini, niligundua kwamba wateja wetu wa Mwanjelwa hawakuwa na shida na tawi lenyewe. Walichotaka kujua ni kama fundi mkataji angehamishiwa huko. Katika kazi yetu mkataji ndiye anayeamua suti ikae vipi mwilini, kwa hiyo tangazo lisilomgusa yeye linaacha swali kuu bila jibu.

Ndiyo maana sishauri kuandika tu kwamba "ubora utabaki uleule", maneno ambayo kila duka huyaandika na ambayo mteja hana namna ya kuyapima. Andika mambo anayoweza kuyahakiki mwenyewe siku atakapokuja: nani anakata, bei ni ipi, na nguo isipomkaa vizuri itarekebishwa kwa masharti gani. Ujumbe wetu wa simu ulikuwa huu:

"Mteja wetu, kuanzia 1 Machi tutakuwa na tawi Uyole. Mwanjelwa tunabaki: fundi yuleyule anakata, bei haibadiliki, nguo ikikubana tunarekebisha bure siku 14."

Haufiki herufi 160, kiwango cha ujumbe mmoja wa kawaida. Ukizidi hapo, unatozwa kama ujumbe zaidi ya mmoja, na kwa daftari lenye wateja wengi gharama hiyo inaonekana. Utumwe kabla bango halijatundikwa Uyole, kwa sababu mteja wa miaka mingi akisikia habari hizo kwa kondakta wa daladala, ataanza kujiuliza ni nini kingine hakuambiwa.

Wale walioacha vitambaa dukani tuliwapigia simu, kwani mwenye harusi mwezi huo hatulizwi na ujumbe uliotumwa kwa watu wote. Tuliwaeleza pia jambo lisilopendeza, kwamba vipimo vitakavyochukuliwa Uyole vitaletwa Mwanjelwa jioni ili kitambaa kikatwe na fundi yuleyule, na hivyo nguo ya Uyole itachelewa kwa siku moja. Wengi walilipokea vizuri, nadhani kwa kuwa ucheleweshaji huo wenyewe uliwathibitishia kwamba mkataji hajabadilishwa.

Baada ya hapo ahadi hulindwa kwa daftari. Andika kila nguo inayorudishwa kurekebishwa, ukitenganisha ya Mwanjelwa na ya Uyole, kisha linganisha na miezi iliyotangulia ufunguzi. Marejesho ya Uyole pekee yakiongezeka, kagua kwanza anayechukua vipimo huko. Yakiongezeka kote, basi mkataji amelemewa, na ni afadhali tawi jipya lisitishe kwa muda kupokea sare za harusi hadi apatikane msaidizi ambaye mkataji mwenyewe ameridhika na mkono wake.