Maswali na majibu: barua ya kuomba ruzuku ya katuni ya dakika 10 kuhusu maji

Habari kaka. Barua yetu ina kurasa nne, ukurasa wa kwanza wote tumeeleza maji ni uhai na dunia inakauka. Kuna mtu kasema tuufute wote. Kweli?

Kweli, futeni tu. Anayesoma barua yako katenga hela ya maji tayari, hana haja ya kushawishiwa kwamba maji ni muhimu, anachotafuta ni filamu inasema nini ambacho mtu akishaiona anaweza kwenda kukifanya. "Tutunze maji" sio kitu cha kufanya. Kuna studio moja ndogo walinionyesha barua yao wakiwa na shida hiyohiyo, tukakaa tukachagua jambo moja tu, choo cha kuflashi kinachovuja kimyakimya. Ule mpira wa chini ndani ya tangi ukichakaa maji yanapita polepole kwenda kwenye bakuli, husikii kitu, huoni kitu, mita inazunguka tu usiku kucha. Na kipimo chake ni rahisi mno, unadondoshea rangi ya chakula ndani ya tangi, unakaa kama dakika 10 bila kuflashi, rangi ikitokea kwenye bakuli basi kinavuja.

Sasa umeona kilichotokea hapo? Kipimo ni dakika 10 na filamu ni dakika 10. Mtoto kwenye filamu anaweka rangi mwanzoni, stori yote inaenda wakati rangi inasubiriwa, mwisho anafunua choo. Hilo lilikaa kwenye aya ya kwanza kwa sentensi tatu, na swali la "kwa nini dakika 10 na sio 3" likawa limejibika kabla halijaulizwa. Na waliandika wazi kwamba filamu ni ya nyumba zenye choo cha tangi, wengine haiwahusu. Usiogope kumtaja asiyehusika, msomaji anakuamini zaidi.

Kwenye bajeti tulichukua bei ya tangazo letu la sekunde 30 tukazidisha mara 20. Iko sawa?

Hapana, na mbaya zaidi inakosea pande zote mbili kwa hiyo huwezi hata kujua umezidisha au umepunguza. Kubuni wahusika unafanya mara moja tu, ukizidisha mara 20 unadai hela ya kazi ambayo haipo. Ila mandhari ni nyingi zaidi, marekebisho ni mengi zaidi, na watu watakula na kulipa kodi miezi kadhaa wakiwa kwenye kazi moja, hayo tangazo halikuwahi kukuonyesha.

Hesabu sekunde. Ile studio tulifanya hivi: filamu ni sekunde 600. Toa 30 za majina mwanzo na mwisho, toa 90 ambazo ni picha ya nyumba au tangi na kamera inasogea tu, zinabaki 480 zenye kitu kinachochezeshwa. Wao wanatumia wahusika wa viungo, yaani kikaragosi cha kompyuta unachokunja mkono bila kuchora upya, na kwa kumbukumbu zao animeta mmoja anamaliza sekunde 4 kwa siku. Nikawauliza, na maji je? Kimya. Maji hayana viungo jamani! Mawimbi madogo unaweza kuchora picha chache zikajirudia, lakini maji yanayomwagika au rangi inayosambaa ndani ya bakuli unachora kwa mkono picha kwa picha, na hapo wao wanapata sekunde 1 kwa siku. Tukapitia storibodi tukakuta sekunde 60 za namna hiyo. Kwa hiyo sekunde 420 kwa 4 ni siku 105, ongeza 60 za maji, jumla siku 165. Wana animeta 3, ni siku 55 za kazi, wiki 11, tukaweka na 2 za marekebisho zikawa 13. Kwa hesabu yao ya mwanzo ya sekunde 4 kote wangesema wiki 8 na wangekwama katikati ya filamu.

Hicho kihesabu kiweke kwenye barua kama kilivyo, mistari minne tu. Usiandike "tutachora picha 14,400" kwa sababu sekunde moja ina fremu 24, kama unatumia vikaragosi hakuna anayechora zote hizo na mtu anayeijua kazi atacheka. Alafu msisahau sauti, mimi mwenyewe niliwahi kupeleka bajeti bila kuchanganya sauti, nikailipia mfukoni.

Fomu inauliza matokeo. Tuandike filamu itaokoa lita milioni ngapi?

Usiandike lita ambazo hujapima. Angalia mfano wa bomba: tone moja kwa sekunde ni matone 86,400 kwa siku, hilo halina ubishi, ila tone likiwa la mililita 0.05 unapata lita 4 na kidogo, likiwa la 0.25 unapata lita 21 na zaidi. Tofauti mara tano na wote mmesema "bomba linalodondoka".

Pima choo kimoja kinachovuja. Funga koki inayoingiza maji kwenye tangi, weka alama maji yalipo, subiri saa moja bila mtu kutumia, kisha jaza kwa jagi la vipimo mpaka kwenye alama. Ukijaza nusu lita, hicho choo kinapoteza lita 12 kwa siku, andika hivyo na useme ni choo kimoja. Ahadi yenyewe iwe kwenye kitu unachoweza kuhesabu: kila kaya inayotazama inapewa kichupa cha rangi na kikaratasi chenye maswali mawili, je rangi ilitokea, na baada ya wiki mbili je mmetengeneza. Vikaratasi vingine havitarudi, sema hivyo mapema.

Wanalipa kwa awamu. Tupendekeze zipi?

Fungeni awamu kwenye animatiki, yaani storibodi iliyopangwa kwa muda wake halisi na sauti za majaribio. Hapo mfadhili anaona filamu nzima dakika 10 ikiwa bado ni michoro ya penseli, na kubadilisha tukio ni kazi ya asubuhi moja. Likishachezeshwa ni wiki imekwenda. Mimi ningeomba 25% kwenye kusaini, 45% animatiki ikikubaliwa kwa maandishi, 20% picha zikikamilika, 10% wakipokea faili za mwisho. Hiyo 45 ni kubwa kwa sababu wiki zile 13 zinaanzia hapohapo, mkikubali mafungu manne sawa mtakuwa mnamkopesha mfadhili. Na sentensi moja iwepo: mabadiliko kabla ya animatiki kusainiwa ni bure, baada ya hapo yanahesabiwa kwa siku za animeta.

Tuambatanishe trela?

Trela ya filamu ambayo haipo? Hapana. Tengenezeni sekunde 10 zilizokamilika kabisa na sauti yake, na ziwe zile za rangi kusambaa kwenye maji, maana ndiyo sehemu ngumu na ndiyo watakayokuwa na wasiwasi nayo.