Mwombaji aliyepotea miezi mitano amerudi: nimjibu nini?

*Shikamoo dada. Nina mwaka mmoja kwenye kitengo cha ajira. Kuna mhasibu alifaulu usaili mara mbili, tukamwita wa tatu, akapotea. Nilimwandikia mara tatu na kumpigia simu, kimya. Miezi mitano imepita. Jana kaandika: "Habari, samahani kwa ukimya. Je, ile nafasi bado ipo?" Nafasi ile ilishajazwa, ila wiki ijayo tunatangaza nyingine kama hiyo. Meneja wa fedha hataki hata kumsikia. Mimi mwenyewe nimeandika jibu na kulifuta mara nne, kila nikilisoma naona lina ukali. Nimjibu nini, na nimrudishe kwenye hatua gani?*

Marahaba mdogo wangu. Kabla ya kuandika jibu la tano, fungua faili lake usome mawasiliano yenu yote kwa kufuata tarehe, ya kwanza hadi ya mwisho. Unatafuta jambo moja tu: siku mawasiliano yalipokatika, nani alikuwa anadaiwa jibu?

Nakuambia hivi kwa sababu yalinikuta. Fundi mitambo mmoja alinipotea baada ya usaili wa pili, na aliporudi miezi minne baadaye nilikuwa bado na kinyongo naye. Nilipofungua faili nikakuta ujumbe wake wa mwisho ulikuwa na swali, mstari wa mwisho kabisa wa barua ndefu: je, zamu za usiku ni za lazima? Sikuliona. Nilichomjibu ni tarehe ya usaili uliofuata, kisha siku 6 baadaye nikamtumia kikumbusho, kisha kingine. Kwangu mimi, yeye ndiye aliyenyamaza. Kwake yeye, aliuliza jambo linalogusa familia yake akajibiwa kwa mwaliko. Jibu langu la kwanza kwake likawa la kuomba radhi, jambo ambalo nisingelijua kama ningeandika kwa kumbukumbu za kichwani.

Angalia pia vitu vidogo: namba uliyopiga ni ile iliyo kwenye wasifu wake, au kuna tarakimu imerukwa? Mialiko ya usaili ilitoka kwenye anwani yako, au kwenye anwani ya mfumo isiyopokea majibu? Mialiko ya mfumo huweza kuishia kwenye barua taka, na mwombaji asijue kwamba aliitwa. Ukikuta kosa ni lenu, sema hivyo kwa sentensi moja. Ukikuta kweli ni yeye aliyenyamaza, basi kilichotokea ni ujumbe tatu na simu moja visivyojibiwa. Kikishaandikwa hivyo, kwa tarehe, utaona kwamba ni kidogo kuliko kilivyokuwa kifuani.

Sasa andika, na uandike leo. Kumchelewesha wiki nzima ili naye aonje ni kulipiza, na yeye atalihisi hata kama hutalitaja. Mimi ningeandika hivi:

"Habari za leo. Nimefurahi kupata ujumbe wako, na kuhusu ukimya hakuna neno. Nakukumbuka vizuri, hasa ulivyotueleza namna ulivyogundua ankara moja iliyolipwa mara mbili. Nafasi ile ilishajazwa. Wiki ijayo tunatangaza nyingine inayofanana nayo, na ningependa uifikirie. Waombaji wengine watakuwepo pia, na utaratibu utakuwa mmoja kwa wote. Kama unaipenda, tuzungumze kwa simu dakika 15: Jumanne saa 4 asubuhi au Jumatano saa 9 alasiri. Nijulishe hadi Jumatatu jioni ni muda upi unakufaa. Na kama mipango yako imebadilika, mstari mmoja wa kuniambia hivyo unatosha."

Ile sentensi ya ankara ndiyo inayobeba uchangamfu wa barua nzima. Itoe kwenye maelezo ya usaili wake. Neno lolote la kweli alilolisema litafanya kazi. Mtu anayerudi baada ya miezi mitano ameandika kwa aibu, na ukimwambia unachokikumbuka juu ya kazi yake, anajua kwamba hakugeuka kuwa "yule aliyepotea". Hakuna pongezi ya jumla inayoweza kufanya hivyo.

Ukali unaouona kwenye rasimu zako, nadhani, umejificha kwenye maneno kama "kama nilivyokuandikia mara tatu", "hata hivyo tuko tayari kukufikiria" na "tunatumaini safari hii". Yanaonekana ya adabu, lakini kila moja linamfungulia mashtaka upya. Yafute bila kutafuta mbadala. Samahani ameshaitoa, ipokee kwa maneno mawili upite.

Lakini usitelezee upande wa pili. Ukimwandikia "usijali kabisa, nafasi yako ipo", unamdanganya, na unawadhulumu watakaoomba wiki ijayo. Ndiyo maana habari ya nafasi iliyojazwa imekaa mapema na kwa maneno matatu, na waombaji wengine wametajwa. Akijua anasimama wapi, hatakulaumu baadaye.

Usimuulize kwenye barua hii alikuwa wapi. Huenda aliugua, alifiwa, mwajiri wake alimwongeza mshahara ili abaki, au alipata kazi nyingine akaona vibaya kukuambia. Ukimlazimisha kueleza, anaweza kukwambia habari za afya au za nyumbani ambazo hupaswi kuwa nazo unapoamua nani aajiriwe. Ukishazijua huwezi kuzisahau, na akikosa kazi atakuwa na haki ya kujiuliza kama ni kwa sababu hizo. Kwenye simu uliza swali moja tu, linalohusu upande wenu: "Kuna chochote kwenye utaratibu wetu kilichokukwamisha mara ile?" Akitaka kusema zaidi atasema mwenyewe. Wengi hujibu kitu chenye faida, kwa mfano kwamba usaili wa tatu uliwekwa saa za kazi na asingeweza kuomba ruhusa mara tatu ndani ya mwezi mmoja.

Kuhusu hatua ya kumrudisha, pitia faili ukijiuliza nini bado ni hai. Alama na maelezo ya usaili wa kwanza na wa pili yanaweza kubaki, kwa masharti mawili: kazi ni ileile kwa majukumu na ngazi, na vigezo vya kupima havijabadilika. Kama nafasi mpya ina jambo lililoongezwa, tuseme kusimamia watu wawili, msaili kwa hilo tu. Kama mlimpa jaribio la maandishi na sasa mnatumia lilelile kwa wengine, mpe jingine la uzito uleule, maana ameshaliona.

Yaliyokufa ni mambo ya maisha yake ya sasa. Mshahara anaoutarajia, muda wa notisi kwa mwajiri wake, tarehe anayoweza kuanza, na hata mwajiri mwenyewe, vyote viulize upya kwenye zile dakika 15. Nimeona ofa ikiandaliwa kwa notisi ya siku 30 iliyoandikwa kwenye faili la zamani, kumbe mwombaji alikuwa ameshahamia kazi yenye notisi ya siku 90, na idara ilikuwa inamsubiri mwanzo wa mwezi. Wadhamini nao: kama amebadilisha kazi, omba jina la aliyefanya naye kazi karibuni, na usimpigie mwajiri wake wa sasa kabla hajakuruhusu. Na kama muda wenu wa kutunza taarifa za waombaji umepita na faili limeshafutwa, mwambie wazi, umwombe wasifu upya.

Meneja wa fedha ana hoja ya kweli ndani ya hasira yake: aliacha muda wazi, mtu hakutokea, na anaogopa kurudiwa. Usimtetee mhasibu mbele yake, kwa sababu hujui alikuwa wapi. Mpelekee vitu viwili: alama za usaili, ambazo yeye mwenyewe alizitia sahihi, na mpango wa kumlinda asipoteze muda tena. Mpango wenyewe uko ndani ya barua: nyakati mbili za simu achague mmoja, tarehe ya mwisho ya kujibu, na simu fupi unayoifanya wewe. Meneja haingii mpaka hatua hizo zipite. Mtu anayejibu kabla ya Jumatatu jioni na kupokea simu saa aliyoichagua amekuonyesha jambo ambalo maelezo marefu ya toba yasingelionyesha. Kama meneja bado hataki, mwombe sababu inayohusu kazi, iandike, na umjibu mhasibu kwa ukweli kwamba hamtaendelea naye. Usimwache akisubiri.

Mambo yangekuwa mengine kama angekuwa amesaini mkataba akashindwa kutokea siku ya kwanza. Hapo kampuni ilikuwa imeshakataa watu wengine kwa ajili yake, na kumrejesha ni uamuzi wa mkuu wa kitengo. Lugha ya jibu inabaki ya upole uleule, lakini usimpe saa za simu kabla hujapata ruhusa.

Na akipotea tena baada ya barua yako, mwandikie mara moja tu, siku mbili au tatu baada ya Jumatatu ile: "Sijapata jibu lako, kwa hiyo nafunga ombi hili kwa sasa. Ukiona nafasi nyingine inayokufaa, karibu uombe." Kisha lifunge kweli. Ujumbe wa pili na wa tatu ndio uliokujaza kinyongo mara ile, na hakukuwa na ulazima wa kuutuma.

Jambo la mwisho ni kumbukumbu iliyoko kwenye faili sasa hivi. Kama kuna mahali umeandika "si mwaminifu" au "hajali", badilisha leo kabla hujamjibu. Weka tarehe za ujumbe, tarehe ya simu, na maneno "hakujibu". Katika nchi nyingi mwombaji ana haki ya kuomba kuona kilichoandikwa juu yake. Na afisa ajira atakayekuja baada yako atamhukumu kwa neno lako, bila kujua kwamba uliliandika siku ambayo ulikuwa umechoka.