Kulemaa na kulemazwa: namna ya kuandika insha ya modeli mbili za ulemavu kwa mfano wa darasa la Kasulu

Insha nyingi za sosholojia ya afya kuhusu mada hii huharibika mapema, pale mwandishi anapochora jedwali: modeli ya kitabibu kushoto, ya kijamii kulia, kisha kurasa tano za kuonyesha kwamba ya kushoto ni mbaya na ya kulia ni nzuri. Msahihishaji anamaliza kusoma bila kujua modeli hizo zinaeleza jambo gani. Chukua mtoto mmoja na darasa moja, uzipitishe modeli zote mbili hapo. Kwa anayesoma Kigoma, mfano ulio karibu ni mwanafunzi mwenye ualbino katika shule ya msingi ya wilaya ya Kasulu.

Kabla ya mfano, weka maneno sawa. Modeli ya kijamii ilianzia kwenye kutenganisha vitu viwili. Mwaka 1976 kikundi cha Uingereza cha watu wenye ulemavu wa viungo, UPIAS, kilisema hitilafu ya mwili ni jambo moja, na kuzuiwa na jamii kushiriki maisha ni jambo jingine, na kwamba hili la pili ndilo ulemavu. Mike Oliver, mwanasosholojia aliyekuwa akitumia kiti cha magurudumu, aliipa hoja hiyo jina la modeli ya kijamii mwaka 1983.

Kiswahili kinakutega hapa. Neno "ulemavu" tunalitumia kwa vyote viwili, na hata "mtu mwenye ulemavu", msemo wa heshima ambao umechukua nafasi ya "mlemavu", unamkabidhi mtu ulemavu kana kwamba ni mali yake. Lakini vitenzi vyetu vinatofautisha vizuri kabisa. Kulemaa kunamtokea mtu. Kulemazwa lazima kuwe na anayelemaza. Ukiandika "amelemazwa", msomaji ana haki ya kukuuliza amelemazwa na nini, nawe unawajibika kumtaja mhusika. Basi katika aya yako ya pili tamka wazi: "hitilafu" nitaitumia kwa mwili, "ulemavu" kwa kizuizi. Halafu usiyachanganye tena mpaka mwisho. Insha nyingi hufafanua vizuri mwanzoni, kisha ukurasa wa tatu zinasema "ulemavu wake wa macho", na hoja yote inarudi ilikotoka.

Sasa mtoto wetu. Ualbino ni hali ya kurithi: mwili hautengenezi ya kutosha melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, nywele na macho. Kwenye macho, sehemu ya retina inayoona vitu kwa undani haikui kikamilifu, mboni huchezacheza zenyewe, na mwanga mkali huumiza. Miwani husaidia kiasi, haimalizi tatizo. Tuseme akipimwa anapata 6/36, yaani herufi ambayo wengine wanaisoma wakiwa mita 36, yeye anaisoma akiwa mita 6. Modeli ya kitabibu inaanzia hapa na inaelekea kuishia hapa: tatizo limo jichoni, mjuzi ni daktari, mtoto ni mgonjwa. Mwanasosholojia Talcott Parsons alieleza mwaka 1951 kwamba mgonjwa husamehewa majukumu yake kwa sharti la kutaka kupona na kufuata tiba. Ualbino hauponi. Kwa hiyo msamaha unakuwa wa kudumu: mtoto anaachwa akae nyuma tu, asisumbuliwe na maswali, na anavuka madarasa bila kusoma.

Sasa pima darasa. Kwa uwezo wa 6/36, akikaa mita 7 kutoka ubaoni anahitaji herufi yenye urefu wa sentimita 6 hivi ili aitambue kwa shida. Mwalimu akiandika herufi za sentimita 4, mtoto haoni kitu. Mlete mbele, mita 2 kutoka ubaoni, na kiwango kinashuka hadi chini kidogo ya sentimita 2. Zile zile za sentimita 4 sasa ni kubwa mara mbili ya anachohitaji. Jicho halijabadilika hata kidogo, kilichohama ni dawati. Fanya hesabu hii ndani ya insha yako, maana inaonyesha kwa sentimita kile ambacho wengine wanakitangaza tu.

Usiishie kwenye dawati, kwa sababu mbele nako kunaweza kumlemaza. Akielekezwa dirisha lenye jua, mng'ao unamfumba macho. Akae kisogo kikielekea dirishani. Mwalimu akiandika huku amesimama mbele ya maandishi na kufuta haraka, mtoto anayelazimika kuinua na kuinamisha kichwa kila neno ataachwa; mwalimu asome kwa sauti anachoandika. Mtihani ukichapwa kwa maandishi madogo, tatizo linarudi upya. Hivi ni vizuizi vya mazingira na vya taasisi, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inavitambua pamoja na vile vya mitazamo. Itaje, lakini kwa sentensi moja au mbili.

Kizuizi cha mtazamo ndicho kizito zaidi. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo nchini kwa imani za kishirikina. Hapa modeli ya kitabibu haina la kusema, kwani hakuna kitu jichoni wala kwenye ngozi kinachosababisha panga. Watoto kadhaa walikusanywa kwenye kituo cha Kabanga, Kasulu, ili walindwe. Andika jambo hili kwa uangalifu: ulinzi ule uliokoa maisha, na papo hapo uliwatenga watoto na wazazi wao. Swali la kisosholojia ni nani aliyehamishwa. Aliyehama ni mtoto. Hatari ilibaki kijijini.

Halafu fika kwenye ngozi, na hapa insha nzuri hujitofautisha. Jua linamchoma mtu asiye na melanini ya kutosha, na kansa ya ngozi inaweza kumpata, hata kama jirani zake wote wanampenda. Kofia pana, mikono mirefu, losheni ya kukinga jua na kukaguliwa ngozi mara kwa mara ni mambo ya kitabibu, na ni ya lazima. Ndiyo maana wanazuoni, wengi wao wenye ulemavu wenyewe, waliikosoa modeli ya kijamii. Liz Crow alidai maumivu na uchovu wa mwili visifichwe. Carol Thomas alizungumzia athari zinazotoka kwenye hitilafu yenyewe. Tom Shakespeare na Nicholas Watson, mwaka 2002, waliandika kwamba modeli hiyo imepitwa na wakati. Usiwataje kwa orodha. Chagua mmoja, umweke kando ya ngozi ya mtoto wako, uone hoja yake inafika wapi.

Hata hapo jamii haijatoka. Uliza losheni inapatikana umbali gani kutoka kijijini, na nani alipanga kipindi cha shamba la shule kiwe saa sita mchana. Jua ni la mwili, ratiba ni ya shule.

Kosa la mwisho linalopunguza alama: kuandika kwamba ICF, mfumo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha afya na ulemavu, wa mwaka 2001, ndio modeli ya kijamii. Siyo. ICF inaunganisha mwili, nafsi na jamii, na inatumia neno ulemavu kujumlisha hitilafu na vizuizi pamoja, kinyume cha UPIAS. Ukiamua kuitumia, rudi kwenye aya yako ya pili uangalie kama maana uliyoliwekea neno hilo bado inakaa.