Usiguse jumla ya zamani, rudi kwa bei kabla ya VAT

*"Wakuu, nimefanya kazi ya waya na taa kwa hoteli moja huku Nyali, nikatuma invoisi namba 112 ya Eksel, fomu nimekopi ya zamani ya 2020 kumbe ina VAT ya 14 badala ya 16. Jumla ilikuwa 171,000. eTIMS bado sijatoa. Nataka kutuma hii: 'Habari, samahani kulikuwa na kosa dogo la VAT, naongeza 2% kwa jumla, sasa ni 174,420, asante kwa uvumilivu.' Nisaidieni isomeke vizuri. Na nitume wasap ama imeli? Salamu ianze vipi, yule mhasibu wao ni mama mtu mzima?"*

Usitume hiyo kitu. Weka simu chini kwanza. Hiyo 174,420 si jumla ya invoisi yako, ni namba ambayo haiko popote, na ukiipamba kwa maneno matamu ndiyo utaizika kabisa, kwa sababu mama wa watu atasoma lugha nzuri ataamini na hesabu ni nzuri.

Mimi niliingia hapohapo mwaka 2019. Nilikuwa napeleka mahitaji ya meli pale Kilindini, nyama, mchele, mboga, kamba, vitu vya jikoni, na ajenti wa meli mmoja akanipa oda ya 800,000. Nikaandika invoisi kama nilivyozoea kuandikia maduka ya mjini, 800,000 nikaweka VAT 16% ambayo ni 128,000, jumla 928,000. Kesho yake ajenti akanipigia, akaniambia babangu hii meli inatoka nje, mahitaji ya meli ya safari ya kimataifa kwa sheria ya VAT ya 2013 ni kiwango cha sifuri, toa hiyo kodi uniletee jumla mpya leo maana meli inaondoka. Alikuwa sawa kabisa, kosa langu.

Sasa hapo ndipo nilipomwendea jamaa mmoja anayejiita mhasibu, ana meza yake na muhuri wake na watu wanapanga foleni, nikamuuliza natoaje hii VAT. Hata hakuangalia karatasi. Akashika kalkuleta akabonyeza 928,000, kutoa, 16, alama ya asilimia, ikatoka 779,520, akaniambia "andika hiyo, kwisha". Na akachukua mia tano yake! Mpaka leo nikipita pale damu inachemka, kwa sababu mtu aliyesoma hesabu za kodi anatakiwa ajue asilimia 16 ya kitu gani. Mimi nilikuwa sijui ndiyo maana nikamlipa.

Jioni nzima nikahangaika na maneno. Nilibadilisha "kosa" nikaweka "hitilafu", nikatoa "samahani sana" nikaweka "tunaomba radhi kwa usumbufu", mke wangu akanisomea mara mbili, na mwisho nikaweka sentensi niliyoiona ya kitaalamu kweli, kwamba hii ndiyo jumla sahihi na ya mwisho, ile ya awali isizingatiwe. Nikatuma. Ajenti akalipa 779,520 mpaka shilingi ya mwisho, meli ikaondoka.

Nilikuja kugundua wiki mbili baadaye nikijaza ritani, maana VAT mwisho ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, nikawa naandika mauzo ya kiwango cha sifuri kutoka kwa daftari langu, 800,000, halafu naangalia benki iliingia 779,520. Imepungua 20,480. Faida yangu kwa oda ile yote ilikuwa kama 64,000 hivi, kwa hivyo karibu theluthi ilikwenda na meli. Nikampigia ajenti, akanisomea meseji yangu mwenyewe kwa simu, neno kwa neno, "jumla sahihi na ya mwisho", akaniambia mimi nimelipa ulichoandika na akaunti ya meli ile nshaifunga na wenyewe wako ng'ambo, nitawaambia nini. Sikuwa na la kujibu.

Sikiliza ilitoka wapi hiyo 20,480 maana ndiyo ileile 420 yako. Ile 16% ilipigwa kwa bei, si kwa jumla. Ndani ya 928,000 kuna bei 800,000 na kodi 128,000. Ukikata 16% ya 928,000 umekata 16% ya bei, hiyo ni 128,000, sawa, lakini umekata pia 16% ya ile kodi yenyewe, na 16% ya 128,000 ni 20,480. Kamili, hata senti haizidi. Wewe unakwenda upande wa pili tu, unaongeza. Jumla yako 171,000 ina bei na ina kodi ya 21,000 ndani yake, ukiongeza 2% ya yote umeongeza 2% ya bei ambayo ni 3,000, sawa, halafu umeongeza 2% ya ile 21,000, ambayo ni 420. Hiyo 420 unamtoza mteja kodi juu ya kodi.

Kwa hivyo kanuni ni moja na nitaipigia kelele mpaka nichoke: jumla ya zamani haiongezwi wala haipunguzwi, inavunjwa. Unarudi kwa bei kabla ya VAT ndiyo unapanda upya na kiwango sahihi.

```
171000 / 1.14 = 150000
150000 * 0.16 = 24000
150000 + 24000 = 174000
```

Unagawanya kwa kiwango ulichokosea, 1.14, si 1.16, hapo pia watu huteleza. Na kama una ile bei mliyokubaliana kwa karatasi basi hata usigawanye, chukua hiyo 150,000 moja kwa moja, kugawanya ni ya kuhakikisha tu.

Na usidhani 420 ni hela ndogo hawatajua. Mhasibu wa hoteli akipata invoisi kitu cha kwanza anagawanya jumla kwa 1.16 aone kama inarudi kwa bei ya oda. 174,000 inarudi 150,000 safi. Hiyo yako 174,420 inarudi 150,362 na senti juu. Kwake hiyo maana yake umepandisha bei kimyakimya ukajificha nyuma ya VAT, na hapo malipo yanasimama, unaitwa, unaandika ya tatu. Fanya hivyohivyo wewe kabla hujatuma, gawanya, isiporudi kwa bei mliyokubaliana basi hesabu bado mbovu hata maneno yawe asali.

Kwanza pia angalia tarehe ya kazi. Ile 14 ilikuwa kuanzia tarehe 1 Aprili 2020 mpaka 31 Desemba 2020, enzi za korona, tarehe 1 Januari 2021 ikarudi 16. Kazi yako ni ya juzi kwa hivyo ni 16, lakini hiyo fomu ifute leo, usiihifadhi ati utakumbuka.

Sasa meseji. Toa hilo "naongeza 2%", litoe kabisa, lisionekane. Mosi ni uongo wa hesabu kama nilivyokwambia, kiwango kimetoka 14 kwenda 16 lakini jumla haijapanda kwa asilimia mbili. Pili, hoteli kubwa nyingi zimeteuliwa na KRA kukata VAT ya zuio, yaani wakikulipa wanabakiza sehemu ya VAT wanaipeleka KRA wenyewe, na kiwango chake ni asilimia 2 ya bei kabla ya kodi, tangu Novemba 2019. Mhasibu akiona "2%" na "VAT" kwa sentensi moja anaweza kufikiri unazungumzia zuio, kwamba unataka arudishe kile anachokata. Utaanza mjadala ambao hukuuanzisha. Toa pia "kosa dogo". Udogo wa kosa ataupima yeye, wewe taja ni lipi.

Andika hivi:

> Kuhusu invoisi namba 112, kazi ya waya na taa.
>
> Katika invoisi hiyo niliandika VAT ya 14%. Kiwango sahihi ni 16%. Bei ya kazi haijabadilika.
>
> Bei kabla ya VAT: 150,000
> VAT 16%: 24,000 (awali niliandika 21,000)
> Jumla sahihi: 174,000 (awali 171,000)
> Tofauti: 3,000
>
> Tafadhali msilipe invoisi namba 112. Nimeambatisha invoisi namba 113 inayochukua nafasi yake. Kosa ni langu, naomba radhi.

Angalia pale "bei ya kazi haijabadilika", hiyo ndiyo sentensi inayomtuliza, maana mtu akiona jumla imepanda kitu cha kwanza anachouliza moyoni ni kama umemwongezea. Halafu zamani na mpya zikae pamoja mstari mmojammoja ili asifungue karatasi mbili kulinganisha. Na ile ya kutaja ipi isilipwe usiiache, invoisi mbili zikikaa kwa faili moja bila kuambiwa ipi imekufa, mwingine analipa ya kwanza aliyoikuta, mwingine analipa zote halafu unarudisha. Mimi yangu nilikuwa nimeandika vizuri sana "ya awali isizingatiwe", lugha safi, namba mbovu, kwa hivyo usianze na maneno. Namba zikae kwanza.

Hujatoa invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa invoisi wa KRA, afadhali. Itoe sasa ikiwa na 150,000 na 24,000 na namba zilingane na hiyo meseji. Ungekuwa ushaipitisha na kosa isingefutika, ungelazimika kutoa kredit noti inayotaja invoisi ya kwanza halafu ndiyo utoe nyingine, na namba ya ile kredit noti ingeingia kwa meseji pia.

Jambo jingine moja ujue mapema usije ukapigana na mama wa watu bure. Kama hoteli ni wakala wa zuio, atakata 2% ya 150,000 ambayo ni 3,000, na kwako itaingia 171,000. Ndiyo, 171,000, sawasawa na jumla yako ya zamani! Utafikiri amepuuza meseji akalipa invoisi namba 112. Kabla hujampigia, ingia iTax uangalie cheti cha zuio cha 3,000 kwa jina lako. Kikiwepo basi umelipwa 174,000 yote, na hiyo 3,000 unaitoa kwa ile 24,000 ukijaza ritani. Kisipokuwepo ndiyo unampigia, na unamwomba cheti, si hela.