Naandika kila siku mwaka mzima, mbona jina halikui?

*Swali: Nasimamia hifadhidata za PostgreSQL, huu ni mwaka wa sita. Kwa mwaka mzima nimeandika LinkedIn kila asubuhi kama nilivyofundishwa kwenye kozi, na nina wafuasi 2,300. Hakuna mteja aliyenitafuta wala mkutano ulionialika. Mwalimu wa kozi anasema ninunue wafuasi 10,000 ili nianze kuaminika, na kuna kongamano linataka nilipie nafasi ya kuzungumza. Nifanye hivyo? Na niandike mara ngapi kwa wiki?*

Wafuasi usinunue, na hiyo nafasi usiilipie. Wanaoviuza nitawarudia. Kwanza hilo la mara ngapi kwa wiki, maana ndilo lililokupotezea mwaka, na kosa si lako bali la waliokufundisha kuhesabu siku.

Mtu anayelazimika kuchapisha kitu kila asubuhi ana nusu saa ya kukiandika. Katika nusu saa huwezi kuwasha seva ya majaribio, kupima, kukosea na kupima tena. Kinachobaki ni ushauri usio na mwenyewe: tunza nakala rudufu, jifunze kila siku, heshimu timu yako. Wanaokujua watakupongeza, kesho yake andiko litakuwa limezama, na hakuna atakayelitafuta tena kwa sababu halijibu swali la mtu yeyote. Mteja unayemtaka hakujui, kwa hiyo hawezi kukutafuta kwa jina. Anatafuta tatizo lake, tena kwa maneno yale yale yanayomkodolea macho kwenye skrini. Jina la kitaalamu huanzia hapo: anakuta andiko lako, anafuata ulichosema, mfumo wake unasimama, ndipo anapotazama juu aone nani kaandika.

Tuchukue tatizo ambalo bila shaka umelitatua zaidi ya mara moja, la seva kukataa miunganisho mipya kwa sababu imejaa:

```
FATAL: sorry, too many clients already
```

Mwandishi wa kila asubuhi atakwambia uongeze `max_connections`, yaani kikomo cha miunganisho, na atakuwa amemaliza. Hajataja kwamba badiliko hilo halifanyi kazi mpaka seva izimwe na kuwashwa upya, wala kwamba kila muunganisho ni mchakato kamili unaojitegemea na kula kumbukumbu ya mashine. Ukitoka 100 uende 1,000 bila kujua nani anashikilia miunganisho, umeahirisha tatizo na kulinenepesha.

Andiko linalojenga jina huanza kwa kulizalisha tatizo upya, kwenye mashine yako, kwa data ya kubuni. Weka `max_connections` iwe 20, kisha andika programu fupi inayofungua miunganisho 25, mmoja baada ya mwingine, kwa mtumiaji wa kawaida, bila kuifunga. Hapo utakutana na jambo ambalo wanaonakiliana hawalijui. Muunganisho wa 18 utakataliwa, lakini kwa ujumbe mwingine, unaosema `remaining connection slots are reserved`. Sababu ni kwamba nafasi 3 huachwa kwa ajili ya mtumiaji mkuu, kwa mujibu wa mpangilio wa kawaida wa `superuser_reserved_connections`. Kwa hiyo programu inayopata ule ujumbe wa kwanza mfululizo inastahili kukaguliwa kama inaingia kwa akaunti ya mtumiaji mkuu, `postgres`, ikala hata nafasi ambazo msimamizi angezitumia kuingia na kuokoa jahazi. Aya hiyo moja, ikiwa na jaribio lililoizaa, ina thamani kuliko machapisho yako yote ya mwaka jana. Samahani kwa ukali, lakini ndivyo ilivyo.

Baada ya hapo mpe msomaji njia ya kujiangalia mwenyewe:

```
SELECT state, count(*)
FROM pg_stat_activity
GROUP BY state;
```

Mweleze maana ya majibu. Miunganisho mingi ikiwa `idle`, programu inafungua miunganisho na kuikalia bila kazi, na dawa ni kuweka chombo cha kugawana miunganisho kama PgBouncer. Mingi ikiwa `idle in transaction`, kuna msimbo ulioanzisha muamala ukasahau kuumaliza, na hapo PgBouncer haitamsaidia mpaka msimbo urekebishwe. Kisha sema dawa yenyewe inagoma wapi: ukiiwekea PgBouncer hali ya kugawa kwa muamala, programu inayotegemea `LISTEN`, au `SET` ya kudumu kwa kikao kizima, itaharibika. Sehemu hii ya mipaka ndiyo wengi huiruka wakihofia kuonekana hawana uhakika. Msomaji mzoefu huisoma kwanza, kwa sababu ndiyo inayomwonyesha kama mwandishi aliwahi kuishi na hiyo dawa au aliisikia tu.

Juu kabisa weka tarehe na toleo la PostgreSQL ulilojaribia. Ujumbe wa hitilafu uweke kwenye kichwa cha habari kama ulivyo, uwe maandishi yanayoweza kunakiliwa, si picha ya skrini. Na kabla ya kuchapisha chochote kilichotoka kazini, pitia mkataba wako na upate ruhusa kwa maandishi. `pg_stat_activity` nzima hubeba anwani za mashine, majina ya watumiaji na maneno ya maswali yenyewe, wakati mwingine yakiwa na taarifa za wateja ndani yake. Picha moja ya haraka inaweza kukufukuzisha kazi, na hiyo nayo ni sifa inayodumu. Hii ni sababu nyingine ya kuzalisha tatizo upya kwako.

Kazi ya namna hii huchukua jioni kadhaa. Ndiyo maana jibu la swali lako ni andiko moja kila wiki nne hadi sita, yaani nane hadi kumi na tatu kwa mwaka. Baki kwenye uwanja mwembamba, mathalani miunganisho na kufuli za jedwali, mpaka uwe na maandiko kumi hivi yanayorejeana, kisha ndipo utanue. Toleo jipya likitoka, rudi ujaribu upya na uandike tarehe ya marekebisho. Andiko la miaka mitatu linalotunzwa hufanya kazi kuliko jipya lililoandikwa kwa pupa.

Liweke kwenye tovuti yenye anwani unayoimiliki na kuilipia mwenyewe, na LinkedIn upeleke aya mbili na kiungo. Google ilifunga Google+ kwa watu wa kawaida mwezi Aprili 2019, na waliokuwa wameweka maandiko yao huko waliambiwa wayapakue kabla hayajafutwa. Viungo vyote vilivyoelekea huko vilikufa. Ukishachapisha, usibadilishe anwani ya ukurasa, kwa sababu kila mtu aliyekutaja ameshika anwani ile ile.

Miezi sita ya kwanza tarajia kimya. Dalili kwamba mambo yanaenda si idadi ya pongezi. Tazama kwenye Google Search Console watu wanafika kwako kwa maneno gani. Ukiona ujumbe wa hitilafu badala ya jina lako, umeanza kupatikana. Dalili iliyo nzito zaidi ni barua ya mtu usiyemjua inayosema ameendesha lile swali lako na kupata jibu tofauti. Mjibu, na kama ana haki, sahihisha andiko waziwazi.

Barua hizo ndizo zinazokupa mada ya kuzungumza. Anza na kikundi cha watumiaji, dakika 20, na urekodi hata kwa simu. Mikutano yenye kamati hufungua mwaliko wa mada miezi mingi kabla, na wala hawasubiri uwe maarufu, wewe ndiye unayetuma pendekezo. Maneno 150 hadi 200 yanatosha. "Umuhimu wa utendaji bora wa hifadhidata" itatupwa. "Jinsi ya kutambua kwa swali moja kama seva imejaa kwa sababu ya programu au ya muamala uliosahaulika" ina nafasi, hasa ukiambatisha andiko na ile rekodi ya dakika 20.

Sasa wauzaji. Kongamano halali la kitaalamu hukupima kwa mada, nawe unaweza kuona majina ya kamati, tarehe ya mwisho ya mapendekezo na rekodi za miaka iliyopita. Baadhi hudai ada ya kuhudhuria hata kwa mzungumzaji, hasa ya kitaaluma, na wafadhili mara nyingine hununua vipindi vilivyoandikwa wazi kuwa vya wafadhili. Kinachotofautiana ni pale fedha inapokuwa ndicho kigezo pekee. Waulize waliokualika: nani alipitia mada yangu, na ni ngapi zilikataliwa? Kama hukutuma mada yoyote na bado "umechaguliwa", hakuna aliyekuchagua. Tuzo zinazokuja na ankara ya nishani ni biashara hiyo hiyo.

Kuhusu wafuasi, mwalimu wako anapaswa kuijua kesi ya Devumi. Kampuni hiyo iliuza wafuasi bandia kwa waigizaji na wanamichezo, lakini pia kwa wanasheria, wataalamu wa uwekezaji na wazungumzaji wa hamasa. Mwaka 2019 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza makubaliano ya kesi yenye hukumu ya dola milioni 2.5 dhidi ya mmiliki wake, na mwaka 2024 tume hiyo ikatoa kanuni inayopiga marufuku kuuza na kununua viashiria bandia vya ushawishi kwa ajili ya biashara. Mitandao yenyewe nayo hufagia: Julai 2018 Twitter iliondoa akaunti zilizofungiwa kwenye hesabu za wafuasi, na watu wakaona namba zao zikiporomoka hadharani. Hata bila kufagiwa, mteja hahitaji ujuzi mwingi kugundua kwamba mtu wa wafuasi 12,000 anapata maoni manne, yote ya wafanyakazi wenzake.

Ukiwakatalia hao, atakuja wa tatu akikupa mwandishi wa kukuandikia maandiko ya kitaalamu kwa jina lako. Mhariri wa lugha ni sawa, mtumie. Lakini mtu aliyefanya jaribio badala yako, au asiyelifanya kabisa, hatakuwa pembeni yako siku msikilizaji atakapoinua mkono na kuuliza kwa nini muunganisho wa 18 ndio uliokataliwa na si wa 21.