Hiyo ni eventually ya Bukavu au ya Dar?

Sekondari niliisoma Bukavu, kwa Kifaransa. Kiingereza nilikikuta ukubwani, Dar es Salaam, nilipoajiriwa kuwa karani wa nyaraka katika kampuni ya kusafirisha mizigo ya transiti kwenda Kongo. Mtu anayejifunza lugha huku anadaiwa majibu ya barua pepe hukimbilia maneno ambayo sura yake anaifahamu tayari. Mimi nilikimbilia eventually, kwa sababu ilifanana na éventuellement, neno ambalo kwetu tunalichomeka hata ndani ya Kiswahili: "Éventuellement nitapita kesho," yaani huenda nikapita, usinisubiri.

Wiki moja mteja wetu wa Lubumbashi alinipigia kuniambia kwamba makontena yake yangeweza kuongezeka. Nikamwandikia mwenye malori, mzee mmoja ambaye tulikuwa tukikodi magari kwake mara kwa mara:

"For next week's containers we will eventually need three more trucks."

Akajibu neno moja: "Noted." Nikafurahi kwamba nimemjulisha mapema.

Makontena hayakuongezeka. Jumatatu iliyofuata ilipita, Jumanne ikapita, mimi sikuandika tena, maana kichwani mwangu nilikuwa nimesema labda. Jumamosi ikaja ankara ya malori matatu yaliyokaa yadi siku tano, dola 150 kwa lori kwa siku. Jumla dola 2,250. Nilimpigia nikiwa na hasira ya mtu anayedhani ameonewa.

"Shikamoo mzee. Hii ankara ni ya nini? Sisi hatukuyachukua hayo malori."

"Marahaba. Kijana wangu, uliniandikia kwamba mtayahitaji. Hukusema labda. Mimi nimekataa mzigo wa mbolea ya Zambia kwa ajili yenu."

Nikamsomea barua yangu kwa sauti nikidhani inanitetea. Akacheka, akaniomba niisome tena polepole, kisha akanifasiria: hatimaye tutahitaji malori matatu zaidi. Mzee alisoma Kiingereza chake Tanzania, hajui neno la Kifaransa, na alikuwa amesoma kilichoandikwa.

Neno hili asili yake ni ya Kilatini, na mzizi wake unahusu jambo linalotokea. Kifaransa kilibaki na upande wa shaka: likitokea. Kiingereza kilichukua upande wa mwisho: litakapotokea. Kwa hiyo éventuellement hujibu swali la "je, litakuwa?" na jibu lake ni huenda. Eventually hujibu swali la "lini?" na jibu lake ni baadaye, siku siijui, lakini litakuwa. Kiswahili chetu kinatenganisha mambo haya bila shida: huku kuna huenda, labda, pengine, ikibidi, kule kuna hatimaye, mwishowe. Ndiyo maana kipimo ninachotumia mpaka leo ni cha Kiswahili. Kabla ya kutuma naitafsiri sentensi yangu. Ikikubali "hatimaye," eventually ibaki. Ikitaka "huenda," inaondoka, naandika may au might.

Lakini kubadilisha neno tu kusingetosha kwa yule mzee. Mwenye lori akiambiwa huenda, anataka kujua afanye nini na gari lake kwa sasa. Barua hiyo leo ningeiandika hivi:

"We may need three more trucks next week. I will confirm by Thursday, 4 p.m. Until then, please do not hold them for us."

Sentensi ya tatu ndiyo yenye pesa. Inamruhusu achukue mbolea yake.

Kosa hili hukuuma pia unaposoma. Shirika la meli liliwahi kutuandikia kwamba dhamana yetu ya makontena "will eventually be refunded." Nikamwambia mhasibu tuisahau, labda watarudisha, labda hawatarudisha. Kumbe walikuwa wameahidi kurudisha, ila bila kutaja siku, na kilichohitajika ni kuwauliza siku. Tulichelewa kuwafuatilia kwa sababu nilisoma ahadi nikaona shaka.

Msomaji wa Arusha au Mombasa ambaye hajawahi kusoma Kifaransa anaweza kusema hili halimhusu. Linamhusu akiwa upande wa mzee wangu wa malori, yaani akipokea barua kutoka Bujumbura, Goma au Lubumbashi. Linamhusu pia akiandikiana na Wajerumani na Waholanzi, kwa sababu eventuell ya Kijerumani na eventueel ya Kiholanzi nazo ni labda. Ukiona eventually katika barua ya mtu wa lugha hizo, hasa pale panapotajwa pesa au idadi, usilifasiri mwenyewe. Muulize: "Is this confirmed?" Maneno matatu, hayamkeri mtu.

Actually ni habari nyingine, na hapa hata watu wa Arusha wamo.

Upande wa Kifaransa, actuellement ni sasa hivi. Niliwahi kumjibu mteja aliyeuliza lori liko wapi: "The truck is actually at Tunduma." Nilitaka kusema kwa sasa liko Tunduma. Yeye, Mwingereza aliyekaa ofisini London, alisoma: ukweli ni kwamba liko Tunduma. Actually ya Kiingereza huja kusahihisha kitu ambacho mwenzako anakiamini au aliambiwa. Akarudisha swali ambalo lilinishangaza: nani aliyemwambia kwamba lori limeshavuka mpaka, na kwa nini alidanganywa? Hakuna aliyemdanganya. Nilikuwa nimemtungia uongo kwa kielezi kimoja, kisha nikaukanusha. Nilichokihitaji ni currently, au now tu, neno fupi ambalo watu huliogopa wakidhani si la kiofisi. Msikimbilie presently: kwa Wamarekani ni sasa, lakini kwa Kiingereza cha Uingereza linaweza kuwa baada ya muda mfupi, na lori haliwezi kuwa Tunduma kwa namna zote mbili.

Wenzangu wa Kitanzania hawakosei hapo. Wao mtego wao unatoka kwenye "kwa kweli." Kiswahili kinalitumia neno hilo kutia moyo ndani ya maneno: kwa kweli tunashukuru, kwa kweli mmetusaidia sana. Mtu analigeuza neno kwa neno, na barua inaondoka: "Actually we are grateful for your support." Mwingereza anayesoma anasikia kama mlitegemewa msishukuru, na sasa mnamshangaza. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa na tabia ya kuanza hivyo karibu kila barua. Alikuwa ndiye mtu mpole kuliko sote ofisini, na wateja wa nje walimwona mbishi. Ukisoma "Actually we have not received the payment," unasikia mtu anayekuambia umesema uongo kwamba umelipa. Toa neno la kwanza, usiongeze kitu: "We have not received the payment." Adabu imerudi. Kwenye shukrani, "kwa kweli" ya Kiswahili inakaa vizuri zaidi katika really, na iingie katikati ya sentensi: "We really appreciate your support."

Sympathetic ilinitia aibu zaidi ya zote, ingawa haikutugharimu hata senti. Kifaransa kina sympathique, na Bukavu tunakata tunasema sympa: mtu mchangamfu, anayependeka, ambaye ukikaa naye huchoki. Katika taarifa ya safari ya mpakani niliandika kwamba afisa wa forodha "was very sympathetic." Nilitaka kusema alitupokea vizuri, alitusalimia, alituonyesha dirisha la kuanzia. Taarifa ikamfikia mkaguzi wa ndani wa mteja. Kwa Kiingereza, sympathetic ni mwenye kukuhurumia, au aliye upande wako katika jambo unaloliomba. Afisa wa forodha akiwa upande wa mwenye mzigo, mkaguzi ana kazi ya kufanya. Niliulizwa kwa maandishi: alikuhurumia kwa lipi, alikusamehe nini, na ulimpa chochote? Nilijieleza kwa barua ndefu kuliko taarifa yenyewe. Neno nililolitaka lilikuwa friendly au helpful, na hata helpful ningeieleza kwa tendo: alituonyesha ni karatasi gani imekosa muhuri.

Hapo hapo Kiswahili nacho kina mlango wake wa kupotelea, kwa sababu ya pole. Sisi tunampa pole mtu kwa msiba, kwa safari, kwa kazi, hata kwa kujikwaa ambako hatukuhusika. Nimeona karani akiandika "We are sympathetic for the delay," akijaribu kulibeba neno pole. Mwenye mzigo anasikia kampuni inayomhurumia kwa hasara ambayo yeye anaamini ndiyo iliyoisababisha. Amua kwanza kama unatoa pole au unaomba radhi. Kama kosa ni lenu: "We apologise for the delay." Kama mpaka ulifungwa na hamkuhusika: "We are sorry to hear that the closure has affected you." Tofauti hiyo ina uzito siku mteja atakapodai fidia, kwa sababu atarudi na barua yenu mkononi.

Na delay yenyewe, kwa wenzangu wa Kifaransa, si délai. Délai ni muda mliokubaliana. Niliwahi kumwuliza mwenye gari "What is your delay?" nikitaka kujua safari inachukua siku ngapi, akanijibu kwamba hajawahi kuchelewa.

Kikagua tahajia hakitakuokoa, maana maneno yote haya yameandikwa sawa. Nilichofanya baada ya ankara ya mzee ni kuingia Gmail na kutafuta kwenye barua nilizokwisha kutuma:

```
in:sent eventually
```

Nilipata barua 31. Nilizisoma moja moja, na katika 26 kati yake nilikuwa nimekusudia labda. Nne zilikuwa bado hai, zikihusu mizigo ambayo haijaondoka, nikaandika kusahihisha siku ile ile. Fanya hivyo hivyo kwa actually. Utakuta mengi yanaweza kufutwa bila kuacha pengo. Ofisini barua hizo hizo tunazifungua kwa Outlook ya Windows, ile ya zamani, na huko nilijiwekea kizuizi kupitia File, Options, Mail, Spelling and Autocorrect, kisha AutoCorrect Options: nikiandika eventually, lenyewe linageuka kuwa "LINI AU LABDA?" kwa herufi kubwa. Haiwezekani kutuma barua yenye kelele hizo bila kuiona. Nilikaa nalo miezi kadhaa kabla ya kuliondoa.

Ile ankara tulilipa nusu, baada ya bosi kwenda kumwona mzee na kuzungumza naye. Bado tunakodi malori kwake. Na kila nikimwandikia habari ya magari ya ziada, hata pale nilipoandika may na kuweka siku na saa, hunipigia simu kwanza.

"Kijana wangu, nimeiona barua yako. Hiyo ni ya Bukavu au ya Dar?"